Kabla ya kujenga mlango wa nne, hesabu malori yaliyo uani

LORI linaposimama getini halizalishi hata shilingi moja, lakini gharama zake hazisimami. Posho ya dereva na utingo inaendelea, marejesho ya mkopo wa benki yanaendelea, na mteja anayesubiri mzigo Morogoro au Dodoma anaanza kumpigia simu muuzaji mwingine. Ndiyo maana foleni kwenye mageti ya maghala ya Dar es Salaam, kuanzia Kurasini hadi Barabara ya Nyerere, ni habari ya soko sawa na bei ya saruji au sukari. Mfuko unaofika dukani umebeba ndani ya bei yake saa ambazo lori lilikaa bila kazi.

Tatizo ni kwamba wahusika hawakubaliani kuhusu urefu wa kusubiri huko. Dereva husema amepoteza nusu siku. Karani wa geti husema ni nusu saa tu. Mwenye ghala, akichoshwa na malalamiko, huita mkandarasi na kuulizia gharama za kuongeza mlango wa kupakilia, yaani ile sehemu ambayo lori hurudi kinyumenyume na kupakiwa mzigo. Fedha nyingi hutumika hivyo kabla ya yeyote kujua kama upungufu uko mlangoni, kwenye mizani, au kwenye meza ya makaratasi.

Zipo hesabu mbili zinazoweza kumaliza ubishi huo. Ya kwanza inapima foleni iliyopo, nayo inahitaji daftari na kalamu tu. Ya pili inakisia foleni itakavyokuwa iwapo milango itaongezwa au malori yataongezeka. Mfanyabiashara anayezijua zote mbili anaweza kugundua kuwa dakika 5 zinazopotea mlangoni zina thamani sawa na mlango mzima wa saruji na nondo.

Kanuni ya mwenye duka

Hesabu ya kwanza inaitwa kanuni ya Little. John Little, Mmarekani aliyekuja kuwa profesa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts na ambaye alifariki mwaka 2024, alichapisha uthibitisho wake mwaka 1961. Kwa maandishi ya kitaalamu inaandikwa L = λW. Herufi L ni wastani wa vitu vilivyomo ndani, λ ni idadi ya vitu vinavyoingia kwa kipimo fulani cha muda, na W ni wastani wa muda ambao kila kitu hukaa humo.

Mwenye duka la jumla huitumia kanuni hiyo bila kujua jina lake. Kama stoo yake ina wastani wa mifuko 300 ya sukari, na kila siku huingia mifuko 50 na kutoka 50, basi kila mfuko hukaa stoo kwa wastani wa siku 6. Amegawa 300 kwa 50. Hakuhitaji kuweka alama kwenye kila mfuko ili ajue uliingia lini na kutoka lini.

Kwa malori ni vilevile: idadi ya wastani ya malori yaliyo uani, ikigawanywa kwa idadi ya malori yanayoingia kwa saa, hutoa muda wa wastani ambao lori moja hukaa tangu kuingia hadi kutoka.

Sababu yake ni nyepesi. Lori moja likikaa uani saa 1, hiyo ni saa-lori 1. Jumla ya saa-lori za siku inaweza kupatikana kwa njia mbili. Njia moja ni kuchukua kila lori, kuandika muda liliokaa, na kujumlisha. Nyingine ni kuchukua kila saa ya siku, kuangalia malori mangapi yalikuwepo, na kujumlisha. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni kitu kile kile, majibu lazima yalingane. Kanuni haijali kama malori huja kwa mpangilio au kwa fujo, wala kama anayepakiwa kwanza ni aliyetangulia au ni mwenye kujuana na mkubwa. Wastani unabaki ule ule, ingawa aliyerukwa ataumia na aliyependelewa atafurahi.

Siku moja kwenye ghala la saruji

Chukua mfano wa ghala la saruji lenye milango 3 ya kupakilia. Geti hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, yaani saa 10 za kazi. Daftari la geti linaonyesha kuwa malori 60 yaliingia siku hiyo, sawa na malori 6 kwa saa. Asubuhi ua ulikuwa mtupu, na jioni lori la mwisho lilitoka kabla ya kufunga.

Mlinzi aliagizwa kuhesabu malori yote yaliyo ndani ya geti mara moja kila saa, kuanzia saa 1.30. Hesabu yake ilikuwa 4, 8, 9, 7, 6, 3, 5, 8, 6 na 4. Jumla ni 60, na kwa kuwa alihesabu mara 10, wastani ni malori 6.

Gawa malori 6 yaliyo uani kwa malori 6 yanayoingia kila saa. Jibu ni saa 1. Kwa hiyo lori la kawaida hukaa dakika 60 tangu kuingia getini hadi kutoka. Dereva wa nusu siku ametia chumvi, na karani wa nusu saa amepunguza.

Sasa upande wa mlangoni. Msimamizi alipima muda tangu lori kuingia mlangoni hadi kuuacha mlango huo wazi kwa lori jingine, akapata wastani wa dakika 25. Toa dakika 25 kwenye dakika 60, zinabaki 35. Hizo ndizo dakika ambazo lori liko uani bila kupakiwa.

Kanuni hiyo hiyo inatoa pia idadi ya milango inayokuwa na kazi. Malori 6 kwa saa, yakizidishwa kwa dakika 25 na kugawanywa kwa dakika 60, ni 2.5. Maana yake, ukipita mlangoni wakati wowote utakuta kwa wastani milango miwili na nusu ina malori. Kati ya yale malori 6 yaliyo uani, 2.5 yanapakiwa na 3.5 yanasubiri.

Mwenye ghala akiona 2.5 husema milango 3 inatosha na nusu mlango inabaki. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kwa nini milango mitatu haitoshi

Kama malori yangefika moja kila dakika 10 bila kukosea, na kila moja likapakiwa kwa dakika 25 kamili, milango 3 ingetosha pasipo foleni hata ya lori moja. Kila mlango ungepokea lori kila baada ya dakika 30 na kubaki wazi dakika 5. Lakini malori hayaji hivyo. Matatu huongozana kutoka kituo kimoja cha mafuta, kisha nusu saa hakuna linaloonekana. Moja hupakiwa kwa dakika 12 kwa sababu mzigo ni mdogo, jingine huchukua dakika 45 kwa sababu mifuko imepasuka na makuli wanabishana na karani juu ya hesabu. Foleni huzaliwa na kutofautiana huko. Wastani hausemi lolote juu yake. Muda ambao mlango ulikaa wazi asubuhi hauwezi kuwekwa akiba utumike mchana malori yakijaa.

Hesabu ya kutofautiana huko ndiyo ya pili kati ya zile mbili. Msingi wake uliwekwa na Agner Krarup Erlang, Mdenmarki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, ambaye mwaka 1917 alichapisha kanuni za kujua kampuni inahitaji laini ngapi ili wapigaji wasikwame. Mpigaji simu na laini, au lori na mlango, kwa hesabu ni kitu kimoja. Siku hizi kanuni hiyo hufanywa kwa kompyuta yoyote yenye programu ya majedwali.

Kwa ghala la mfano, kanuni ya Erlang inatoa wastani wa kusubiri wa dakika 35 kwa milango 3, jibu ambalo linaafikiana na daftari la mlinzi. Cha kuangalia ni jinsi muda huo unavyobadilika malori yanapozidi. Malori yakiwa 36 kwa siku, milango huwa na kazi nusu ya muda na kusubiri ni dakika 4 tu. Yakiwa 48, ni dakika 11. Yakifika 60, milango ina kazi asilimia 83 ya muda na kusubiri ni dakika 35. Ongeza malori 5 tu, yawe 65, na kusubiri kunafika saa 1 na dakika 10. Yakifika 70, milango inatakiwa kufanya kazi asilimia 97 ya muda, na kanuni inatoa saa 4 na dakika 44.

Jibu hilo la mwisho halitaonekana uani jinsi lilivyo, kwa sababu siku ya saa 10 ni fupi mno kwa foleni kukua hadi huko. Kitakachoonekana ni foleni inayorefuka tangu asubuhi hadi jioni, na malori yanayolala nje ya geti. Ndiyo maana mwenye ghala anayejisifu kuwa milango yake haipumziki anajisifu kwa foleni ya watu wengine.

Mlango wa nne au dakika tano

Mwenye ghala akijenga mlango wa nne, malori yakibaki 60 na kupakia kukibaki dakika 25, kusubiri kunashuka kutoka dakika 35 hadi dakika 5. Lori litakaa dakika 30 kwa jumla badala ya 60. Mlango wa tano utapunguza dakika 4 nyingine tu, kwa hiyo hauna maana kwa wingi huo wa malori.

Kabla ya kuita mkandarasi, hata hivyo, inafaa kuangalia zile dakika 25 zimejaa nini. Katika maghala mengi lori huingia mlangoni likiwa bado limefungwa turubai. Utingo hupanda juu kufungua kamba huku makuli wakisubiri. Dereva huenda dirishani kuulizia namba ya oda. Mzigo ukishapakiwa, lori hubaki pale pale wakati turubai linafungwa tena na hati ya kutolea mzigo inaandikwa. Kazi zote hizo ni za lazima, lakini hakuna hata moja inayohitaji mlango. Turubai linaweza kufunguliwa kwenye foleni na kufungwa pembeni baada ya kutoka. Oda inaweza kukaguliwa getini.

Kazi hizo zikiondolewa mlangoni na muda ukashuka kutoka dakika 25 hadi 20, milango ile ile 3 itakuwa na kazi theluthi mbili tu ya muda. Kanuni ya Erlang inatoa kusubiri kwa dakika 9. Ukijumlisha dakika 20 za kupakia, lori linakaa dakika 29. Kwa mlango wa nne lilikuwa linakaa dakika 30.

Yaani dakika 5 zilizookolewa mlangoni zimefanya kazi ya mlango mzima, na hata kuuzidi kidogo. Sababu ni kwamba kila dakika inayookolewa huokolewa mara mbili: kwa lori lililo mlangoni, na kwa kila lori lililo nyuma yake. Aidha, nafasi ya kukua inabaki. Malori yakiongezeka hadi 70 kwa siku, idadi ambayo ingelemea milango 3 ya dakika 25, kusubiri kwa mtindo mpya kutakuwa dakika 18.

Tahadhari moja ni ya lazima. Dakika hizo 5 zihesabiwe kama zimeokolewa pale tu mlango unapokuwa wazi dakika 5 mapema. Kama turubai linafungwa pembeni lakini lori lililofuata bado liko nyuma ya ua na linachukua muda ule ule kusogea, faida yote imepotea. Kipimo ni muda kati ya lori moja kuingia mlangoni na lori linalofuata kuingia mlango huo huo wakati kuna foleni. Huo ndio muda halisi wa mlango.

Nani analipa, nani anafaidi

Kwa mfanyabiashara swali la mwisho ni fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, na kila msomaji anaweza kuweka zake. Malori 60 yakisubiri dakika 35 kila moja, ghala hilo hupoteza saa-lori 35 kwa siku. Kwa mlango wa nne hasara hiyo hushuka hadi saa-lori 5 hivi. Zinazookolewa ni 30. Kama saa moja ya lori ina thamani ya Sh. 20,000, hiyo ni Sh. 600,000 kwa siku, au Sh. milioni 15.6 kwa mwezi wa siku 26 za kazi.

Tuseme mlango mpya pamoja na paa, sakafu na foklifti unagharimu Sh. milioni 120, na kundi la makuli wa kuuhudumia linalipwa Sh. milioni 2 kwa mwezi. Kwa hesabu ya juu juu gharama hiyo hurudi kwa muda usiofika miezi 9. Lakini inarudi kwa nani? Anayejenga ni mwenye ghala, na anayeokoa saa ni mwenye lori. Hapo ndipo maghala mengi hukwama: foleni inamgharimu asiyekuwa na uwezo wa kuiondoa, na mwenye uwezo huo haimgharimu kitu.

Pande hizo mbili zinaweza kukutanishwa na mkataba. Mwenye malori mengi anaweza kudai mkataba wa usafirishaji uwe na fidia ya kila saa inayopita muda uliokubaliwa. Mteja mkubwa wa saruji anaweza kukubali kulipa kidogo zaidi kwa tani kwa sharti kwamba lori lake litoke ndani ya muda fulani. Kwa vyovyote vile, muda unaotajwa kwenye mkataba lazima uwe umepimwa, na kipimo ambacho pande zote zinaweza kukikagua ni daftari la geti na hesabu ya malori uani. Kauli ya dereva au ya karani haitatosha mbele ya mwanasheria.

Mwenye lori moja au mawili hana nguvu ya kudai mkataba wa namna hiyo, lakini hesabu inamsaidia kupanga bei. Akijua kuwa ghala fulani humchukulia saa 1 na jingine nusu saa, na kwamba saa yake ni Sh. 20,000, basi safari ya ghala la kwanza inapaswa kulipwa Sh. 10,000 zaidi. Asipoiweka gharama hiyo kwenye nauli, atailipa mwenyewe.

Mahali hesabu inapopotoka

Kosa la kwanza na la kawaida ni mpaka. Kanuni ya Little hutoa jibu la eneo lililohesabiwa, si zaidi. Mlinzi akihesabu malori yaliyo ndani ya geti tu, huku mengine 10 yamepanga barabarani, jibu litakuwa la ndani ya geti. Ghala linaweza kuonekana lina foleni fupi kwa sababu tu mlinzi amefunga geti na kuihamishia barabarani. Anayetaka kujua muda ambao dereva anapoteza lazima ahesabu tangu lori la mwisho kwenye mkia wa foleni.

Dereva aliye kwenye mkia huo naye ana hesabu yake: idadi ya malori yaliyo mbele, ikigawanywa kwa idadi yanayopita kwa saa. Mwaka 2020, wakati madereva walipokuwa wakipimwa korona, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenye mpaka wa Malaba kati ya Kenya na Uganda. Lori lenye tela pamoja na nafasi ya mbele yake huchukua kama mita 20, hivyo kilomita 1 ni malori 50 hivi. Kama mpaka unapitisha malori 25 kwa saa, kila kilomita ya foleni ni saa 2 za kungoja.

Kosa la pili ni malori yanayolala. Hesabu ya siku moja huwa sahihi zaidi ua unapoanza mtupu na kumalizika mtupu. Malori 15 yakilala ndani, saa zao za usiku lazima zihesabiwe pia, au siku ionekane kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Aidha, siku moja haitoshi. Hesabu ya wiki nzima ya kazi, ikiwamo Jumatatu na siku ya mwisho wa mwezi, ndiyo inayoonyesha sura ya ghala.

Kosa la tatu ni kuamini wastani wa siku wakati tatizo ni la asubuhi. Katika ghala lile lile, tuseme malori 24 kati ya 60 hufika saa mbili za kwanza, kwa kuwa kila dereva anataka kuondoka mapema. Milango 3 ya dakika 25 hupakia malori 7.2 kwa saa, kwa hiyo ifikapo saa 3 asubuhi malori kama 14 yamepakiwa na karibu 10 yanasubiri. Baada ya hapo malori 36 yaliyobaki huja polepole, 4.5 kwa saa, na milango inapunguza foleni kwa malori 2.7 kila saa. Foleni ya asubuhi haimaliziki hadi saa 6.30 mchana. Jioni milango inakaa wazi.

Ghala la namna hiyo halihitaji mlango mpya, linahitaji ratiba. Likiwapa wateja saa za kufika, malori 6 kila saa, foleni ya asubuhi inaondoka kwa gharama ya daftari na simu. Makampuni yanayoendesha gati za makontena za Los Angeles na Long Beach, Marekani, yalianza mwaka 2005 kutoza ada mizigo iliyochukuliwa mchana wa siku za kazi ili kusukuma malori kwenye zamu za usiku na Jumamosi. Mwaka 2018 mpango huo ulibadilishwa: ada ikawa sawa kwa zamu zote, na malori yakatakiwa kuchukua miadi.

Ipo pia dalili inayoonekana kwa macho bila hesabu. Ukikuta malori mengi uani wakati mlango mmoja au miwili iko wazi, tatizo haliko milangoni. Huenda liko kwenye mizani, kwenye dirisha la malipo, au kwa karani anayetoa hati za kutolea mzigo. Katika hali hiyo mhesabu agawe ua vipande: kabla ya mizani, kabla ya mlango, mlangoni, na baada ya mlango. Kila kipande kina hesabu yake ya mgawanyo, na kipande chenye malori mengi yaliyosimama ndicho kinachokula saa. Mlango wa nne kwenye ghala lenye karani mmoja wa hati utafupisha foleni ya mbele na kurefusha ya nyuma.

Mwisho, hesabu mbili hizi zisichanganywe. Kanuni ya Little inapima kilichotokea, na ikifanywa kwa mpaka sahihi haina ubishi. Kanuni ya Erlang ni makisio. Inachukulia kuwa malori huja bila mpangilio na kwamba muda wa kupakia hutofautiana sana. Mahali ambapo mizigo inafanana na muda wa kupakia haubadiliki sana, kusubiri halisi kutakuwa pungufu ya makisio. Mahali ambapo malori huja kwa makundi, kutazidi. Kipimo kikizidi makisio kwa mbali, mwenye ghala atafute kwanza msongamano wa asubuhi, makuli wanaokwenda kula wote kwa pamoja, au foklifti iliyoharibika, kabla ya kutafuta mkandarasi.

Kwa mwekezaji mdogo anayeombwa kutia fedha kwenye upanuzi wa ghala, maswali ya kuuliza ni matatu: malori mangapi huingia kwa saa, lori moja hushika mlango dakika ngapi, na wastani wa malori yaliyo uani ni mangapi. Kama mwombaji hana majibu hayo kutoka kwenye daftari lake la geti, bado hajui anajenga mlango wa nini.